Shajara ya mradi: kukata tabaka nene la VGG-16 kuwa matabaka mawili membamba

Jumatatu

Faili la mtandao wetu wa neva lina megabaiti 553, na kifaa kinachotakiwa kuubeba hakina nafasi hiyo. Mtandao wenyewe ni VGG-16, ule wa kutambua picha wa mwaka 2014, tumeuchukua kama ulivyo pamoja na makundi yake 1000 ya picha. Una vigezo 138,357,544, kila kimoja kikiwa namba ya baiti nne.

Kabla ya kukata chochote nimetaka kujua nani amekalia nafasi. Jibu halikuchelewa. Mwishoni mwa mtandao kuna matabaka matatu ambamo kila ingizo limeunganishwa na kila tokeo. La kwanza, fc6, linapokea namba 25,088 na kutoa 4096, kwa hiyo matriki yake ina uzito 102,760,448. La pili, fc7, ni mraba wa 4096 kwa 4096, yaani 16,777,216. La tatu, fc8, ni 4096 kwa 1000. Jumla ya hayo matatu ni kama asilimia 89 ya mtandao mzima. Matabaka 13 ya konvolusheni yanayofanya kazi ya kuona yamebanana kwenye asilimia 11 iliyobaki.

Mpango ni huu. Tabaka nene kama hayo matatu hufanya kitu kimoja tu, `z = Wx + b`, ambapo x ni ingizo, W ni matriki ya uzito, na b ni bayasi, namba inayoongezwa kwa kila tokeo. Tukiweza kupata matriki mbili, A yenye safu mlalo k na B yenye safu wima k, ambazo zikizidishwa `BA` zinakaribiana na W, basi tunaweza kuitupa W. Ingizo linapita kwanza kwenye A na kubanwa hadi namba k, kisha B inalitanua tena hadi 4096. Matabaka mawili membamba mahali pa moja nene. Katikati yao hakuna ReLU, ile hatua inayogeuza kila namba hasi kuwa sifuri, wala bayasi. Ukiweka ReLU pale katikati, huo ni mtandao mwingine, na hesabu yote itakayofuata hapa chini haitakuwa na maana.

Kwa fc7, A na B kwa pamoja zina namba 8192 × k. Ukibakiza k ya 2048 umerudi pale pale ulipoanza, hujaokoa hata baiti moja. Kwa ujumla mpaka huo ni mn/(m+n), na chini yake ndipo faida inapoanza. Kwa k ya 256, fc7 inashuka hadi namba 2,097,152, yaani moja ya nane. Nimeanza na fc7 ingawa mzigo mkubwa uko fc6, kwa sababu mraba huu unachambulika haraka na nataka kuona tabia ya mambo kabla ya kuingia kwenye jitu lile.

Jumanne

Njia ya kawaida ya kupata A na B ni mtengano wa thamani singulari, SVD. Kila matriki, hata iwe na umbo gani, inaweza kuandikwa kama jumla ya vipande. Kila kipande kina mwelekeo mmoja wa ingizo, mwelekeo mmoja wa tokeo, na namba moja isiyo hasi inayosema ingizo la mwelekeo ule linakuzwa mara ngapi. Namba hizo ndizo thamani singulari, na hupangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Ukibakiza k za kwanza na kutupa mkia, unapata matriki ya k vipande iliyo karibu zaidi na ya asili kuliko nyingine yoyote ya ukubwa huo, ukaribu ukipimwa kwa jumla ya miraba ya tofauti. Hilo lilithibitishwa na Eckart na Young mwaka 1936. Shikilia yale maneno "ukipimwa kwa", nitayarudia.

```python
W = m.classifier[3].weight.data     # (matokeo, maingizo)
U, S, Vh = torch.linalg.svd(W, full_matrices=False)
A = Vh[:k]                          # k x 4096
B = U[:, :k] * S[:k]                # 4096 x k
```

Katika PyTorch uzito wa `nn.Linear` huhifadhiwa matokeo kwanza, maingizo baadaye. Kwenye mraba kama fc7 ukikosea mpangilio huo hakuna kitakacholalamika, maumbo yote yanakubaliana na programu inaendelea kama kawaida, ila matokeo ni upuuzi. Ndiyo maana jaribio la kwanza kabisa ni kuweka k = 4096, bila kutupa kitu. Matabaka mawili yakiwa yamejengwa sawasawa, lazima yatoe jibu lile lile la tabaka la zamani, tofauti ikiwa ya kukadiria desimali tu. Jaribio limepita. Nimeliacha kwenye msimbo lijiendeshe kila mara.

```python
def jenga(A, B, bayasi):
    a = nn.Linear(A.shape[1], A.shape[0], bias=False)
    b = nn.Linear(B.shape[1], B.shape[0])
    a.weight.data.copy_(A)
    b.weight.data.copy_(B)
    b.bias.data.copy_(bayasi)
    return nn.Sequential(a, b)
```

Bayasi ya zamani inakwenda yote kwenye tabaka la pili.

Sasa swali la k. Wengi huchagua kwa "nishati": unachukua jumla ya miraba ya thamani singulari ulizobakiza, unaigawa kwa jumla ya miraba ya zote, na ukifika asilimia 90 unasema inatosha. Sikuiamini hiyo asilimia 90 tangu mwanzo, kwa hiyo nimetengeneza mpinzani: nimechukua namba zote za W na kuzichanganya ovyo ndani ya matriki, kama karata. Namba ni zile zile, mgawanyo wake ni ule ule, lakini chochote ambacho mtandao ulijifunza kimefutika.

Kwa matriki kama hiyo ya ovyo, iliyo mraba na kubwa, thamani singulari zinafuata mchoro unaojulikana, robo ya duara, na nishati inaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Robo ya thamani za juu hubeba kama asilimia 62 ya nishati yote. Nusu ya juu hubeba kama asilimia 89.

Tafakari namba hiyo ya pili. Takataka tupu, isiyo na funzo lolote ndani yake, inakupa karibu asilimia 90 kwenye nusu ya thamani, na nusu ya thamani kwenye mraba ndiyo pale pale ambapo huokoi chochote. Kwa hiyo mtu akikuambia amebakiza asilimia 90 ya nishati, bado hajakuambia kitu. La kuuliza ni ile ya ovyo ingebakiza ngapi kwa k hiyo hiyo.

Nimechora mistari miwili kwenye grafu moja, W halisi na W iliyochanganywa. Ya halisi inapanda kwa kasi mwanzoni, kuna thamani chache kubwa zilizojitenga na kundi, kisha baada ya hapo inateremka polepole kwa namna inayofanana sana na ile ya ovyo. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo linaloonyesha kilichofunzwa. Lipo na linaonekana, lakini mkia ni mrefu, na kwa k = 256 tunaukata karibu wote.

Alhamisi

Nimeweka matabaka mawili ya k = 256 ndani ya mtandao na kupima usahihi kwenye picha ambazo haujawahi kuziona. Umeshuka, lakini si kwa kiasi ambacho kosa la uzito lilinitisha. Kosa kwenye W ni kubwa, na mtandao hautikisiki vile. Maana yake kipimo changu na kitu ninachokijali havilingani, na visipolingana upande mmoja, vinaweza visilingane upande wa pili pia.

Hapa ndipo yale maneno ya Jumanne yanarudi. Eckart na Young wanatupa ukaribu wa W na `BA`. Lakini mtandao hauioni W kamwe, unaona `Wx`. Na x si vekta yoyote tu, ni yale maingizo ambayo picha halisi huzalisha, ambayo yana mielekeo yanayoipenda na mielekeo yasiyoigusa.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha hatari. Chukua tabaka lenye maingizo mawili na matokeo mawili, na uzito

```
W = [ 3  0 ]
    [ 0  1 ]
```

Thamani singulari ni 3 na 1. Tukibakiza moja tu, SVD itachukua 3, kwa kuwa inabeba 9 kati ya 10 za nishati, yaani asilimia 90. Tuseme sasa maingizo halisi yako hivi: la kwanza huchezacheza kwa kadiri ya 0.1 kandokando ya sifuri, la pili kwa kadiri ya 2. Tokeo la kwanza basi hucheza kwa 0.3, na mraba wake ni 0.09. Tokeo la pili hucheza kwa 2, mraba wake ni 4. Jumla ni 4.09. SVD imelitupa la pili, kwa hiyo imetupa 4 kati ya 4.09, karibu asilimia 98 ya yote yaliyokuwa yakitoka. Imehifadhi asilimia 90 ya uzito na asilimia 2 ya kazi.

Tabaka letu halijafikia hali mbaya hivyo, la sivyo usahihi ungekuwa umeanguka kabisa. Lakini fc7 inapokea kilichotoka kwenye ReLU ya fc6. Hakuna namba hasi humo, sifuri ni nyingi, na wastani uko mbali na sifuri. Hayo ndiyo mazingira ambamo kipimo cha uzito peke yake hupotosha.

Dawa inayoandikwa mara nyingi ni kupima maingizo, kutengeneza matriki ya kovariansi yake, inayoonyesha jinsi yanavyotawanyika pamoja, kuipasua kwa njia ya Cholesky, kuizidisha na W, kufanya SVD, kukata, kisha kuizidisha kwa kinyume ili kuondoa ulichoongeza. Inafanya kazi, ila kile kinyume kinanikera. Maingizo yenye sifuri nyingi hutoa kovariansi ambayo haina kinyume au ina kinyume chenye namba za kutisha, na watu huanza kuongeza vijinamba kwenye mshazari ili isilipuke.

Jioni nimekaa na karatasi nikifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, na kinyume kinajifuta chenyewe. Mwishoni unabaki na kitu rahisi sana: tafuta mielekeo k ambayo *matokeo* ya tabaka hutawanyika zaidi, iweke kama safu wima za matriki Q, kisha

```
B = Q        A = Qᵀ W
```

Basi. Hakuna Cholesky, hakuna kinyume. Unapima matokeo badala ya maingizo, na hilo ndilo jibu bora kabisa kwa data uliyopima, kwa maana ile ile ya Eckart na Young, safari hii ukaribu ukipimwa kwenye `Wx`. Kwenye mfano wa juu Q ingekuwa mwelekeo wa tokeo la pili, na tungepoteza asilimia 2 badala ya 98.

Ijumaa

Utekelezaji. Nimefunga ndoano kwenye fc7, yaani kitendaji kinachoitwa kila tabaka linapotoa tokeo, nikapitisha picha za mafunzo, na kila bechi inaongeza mchango wake kwenye matriki ya 4096 kwa 4096. Hakuna haja ya kuhifadhi matokeo ya kila picha.

```python
C = torch.zeros(4096, 4096, dtype=torch.float64)
s = torch.zeros(4096, dtype=torch.float64)
n = 0

def ndoano(mod, ingizo, z):
    global n
    z = (z - mod.bias).double()
    C.add_(z.T @ z)
    s.add_(z.sum(0))
    n += z.shape[0]
```

Mambo matatu hapa yanastahili kuandikwa, kwa sababu hakuna hata moja litakalotoa ujumbe wa kosa.

La kwanza ni ReLU. Katika VGG-16 ya torchvision, ReLU inayofuata imeandikwa `inplace=True`, yaani inabadilisha namba mahali pale pale zilipo. Ndoano inayohifadhi `z` kama ilivyo ili iisome baadaye itakuta tayari ReLU imepita juu yake. Dalili yake ni rahisi kuona: hakuna namba hasi hata moja. Tabaka kabla ya ReLU lazima liwe nazo tele. Katika msimbo wa juu kutoa bayasi kunatengeneza tensa mpya, hivyo tumesalimika.

La pili ni kwamba mtandao lazima uwe kwenye `eval()`. Ukisahau, dropout inazima nusu ya maingizo kwa bahati nasibu, na mtawanyiko unaoupima ni wa dropout pamoja na wa picha.

La tatu ni idadi ya picha. Picha 200, ukishaondoa wastani wake, haziwezi kuonyesha mielekeo zaidi ya 199, hata ufanyeje. Ukiomba k = 256, hiyo iliyobaki inajazwa na mielekeo isiyo na maana yoyote. Na hata ukiwa na picha zinazozidi k kidogo, mielekeo ya mwisho mwisho itakuwa imejifunza picha hizo hasa. Namna ya kujua ni kupima kosa la `Wx` mara mbili, kwenye picha ulizotumia na kwenye nyingine. Namba mbili zikiachana sana, ongeza picha. Nimeongeza hadi zikakaribiana. Picha za kupimia usahihi wa mwisho hazijaguswa.

Sehemu iliyobaki ni fupi:

```python
wast = s / n
K = C / n - torch.outer(wast, wast)
_, Q = torch.linalg.eigh(K)      # ndogo kwanza
Q, wast = Q[:, -k:].float(), wast.float()
A, B = Q.T @ W, Q
bayasi = fc7.bias.data + wast - Q @ (Q.T @ wast)
```

`eigh` hupanga kinyume na `svd`: zilizo kubwa ziko mwishoni. Ukichukua k za mwanzo umebeba mielekeo mibovu kuliko yote. Hilo angalau linajulikana mara moja, mtandao unajibu kundi lile lile kwa kila picha au karibu na hivyo.

Mstari wa bayasi ndio ninaoupenda. Kile tunachokikata kina wastani wake, na wastani haubadiliki kutoka picha hadi picha. Kwa nini tutumie nafasi ya k kuubeba? Tunautoa kwenye kovariansi, kisha sehemu yake iliyoangukia nje ya Q tunairudisha kupitia bayasi, ambayo ipo tayari na haigharimu kitu. Kwa tabaka linalokula matokeo ya ReLU hiyo si zawadi ndogo.

Nimechora tena kosa la `Wx` dhidi ya k, njia ya zamani na njia hii. Mstari mpya uko chini kila mahali, kama hesabu inavyolazimisha, lakini pengo ni pana zaidi pale k ilipo ndogo. Usahihi kwa k = 256 umerudi karibu na wa mtandao mzima. Kwenye k = 1024 njia hizo mbili karibu hazitofautiani. Mtu anayekata kidogo hana sababu ya kuhangaika na ndoano zote hizi, SVD ya mistari minne inamtosha.

Jumatatu

fc6. Hapa nimefurahi kwa mara ya pili kwamba tunapima matokeo. Kovariansi ya maingizo ingekuwa 25,088 kwa 25,088, namba milioni 629, gigabaiti 2.5 kwa namba za baiti nne na maradufu kwa za baiti nane, halafu uipasue. Matokeo bado ni 4096 tu, kwa hiyo msimbo wa Ijumaa umefanya kazi bila kubadilishwa isipokuwa namba ya tabaka, `classifier[0]` badala ya `classifier[3]`.

Mpaka wa faida kwa umbo hili ni k ya 3521. Nimechagua 1024, inayoleta 29,884,416, chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa.

Mpangilio wa kukata una maana. Nimerudisha fc7 ya asili, nikakata fc6 kwanza, kisha nikapima upya matokeo ya fc7 huku picha zikipita kwenye fc6 iliyokatwa. Sababu ni kwamba fc7 haitakutana tena na maingizo ya zamani. Itakutana na yaliyopita kwenye matundu ya fc6 mpya, na mielekeo yake ichaguliwe kwa hayo. Ukipima yote mawili kwa wakati mmoja kwenye mtandao wa asili, Q ya fc7 itatunza nafasi kwa vitu ambavyo fc6 mpya haiwezi tena kuvileta.

fc8 sijaigusa. Mpaka wake ni k ya 803, na hapo ndipo makundi 1000 yanapotenganishwa. Ukiikata fupi, makundi yanayofanana ndiyo huanza kuchanganywa, na nafasi yenyewe ya kuokoa ni ndogo.

Mizani: matabaka matatu yalikuwa na uzito 123,633,664, sasa yana 36,077,568. Faili limetoka megabaiti 553 hadi 203.

Jumatano

Mwenzangu anayeshughulikia upande wa kifaa amelipokea faili jipya, na baada ya muda akaniandikia: "Kaka, faili limepungua kweli, lakini picha moja inachukua muda ule ule. Una uhakika umekata?"

Nimekata. Tatizo ni kwamba asilimia 89 ya uzito hufanya chini ya asilimia 1 ya kuzidisha. Katika tabaka la konvolusheni uzito mmoja hutumika tena na tena kila mahali kwenye picha, wakati katika fc6 kila uzito hutumika mara moja tu na kupumzika. Kwa picha moja, VGG-16 inazidisha kama mara bilioni 15.5, na fc6, fc7 na fc8 kwa pamoja zinachangia milioni 124. Hata ukizifuta kabisa, prosesa haitahisi sana.

Faida ya muda inayoonekana kwa picha moja ni ya kusoma kumbukumbu. Kuzidisha matriki kwa vekta moja kunamlazimu prosesa kuvuta W yote kutoka kwenye RAM, megabaiti 411 kwa fc6 peke yake, na kila namba inatumika mara moja kisha inaachwa. Hapo muda hufuata baiti, na tabaka lenyewe likipimwa peke yake limeongeza kasi karibu na uwiano wa uzito uliopungua. Ila tabaka hilo ni sehemu ndogo ya muda wote, kwa hiyo jumla haijasogea sana. Nimemjibu hivyo, nikamtumia vipimo vya kila tabaka kimoja kimoja.

Hilo pia linaeleza kwa nini mbinu hii ilipata sifa kwenye kazi ya kutambua vitu ndani ya picha. Katika Fast R-CNN ya Ross Girshick, mwaka 2015, konvolusheni zinafanyika mara moja kwa picha, lakini matabaka nene yanapitishwa kwa kila eneo linaloshukiwa kuwa na kitu, na maeneo hayo yanafika 2000 hivi. Pale karibu nusu ya muda ilikuwa kwenye matabaka nene. Alibakiza thamani 1024 kwenye fc6 na 256 kwenye fc7, akapunguza muda kwa zaidi ya asilimia 30, na usahihi ukashuka kwa alama 0.3 tu, bila kufunza tena baada ya kukata. Namba zangu za k nimezichukua kwake moja kwa moja. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa akitafuta muda, sisi nafasi.

Ijumaa

Kilichobaki ni kuamua kama tunafunza tena kidogo ili kurudisha usahihi uliopotea. Nimejaribu. Kuna kipengele kimoja cha kuangalia: baada ya kukata kwa Q, matriki B ina safu wima za urefu wa 1, na ukubwa wote umelala kwenye A. Kwa kiwango kimoja cha kujifunza, upande mmoja unasogea kwa kasi kuliko mwingine, na kosa la mafunzo linaruka ruka mwanzoni badala ya kushuka. Suluhisho ni kugawa ukubwa nusu kwa nusu. Unafanya SVD ya `BA`, ambayo ni nafuu kwa kuwa ina thamani k tu zisizo sifuri, kisha kila upande unapewa kipeuo cha pili cha thamani hizo.

```python
A = S[:k].sqrt()[:, None] * Vh[:k]
B = U[:, :k] * S[:k].sqrt()
```

Zao la `BA` halijabadilika hata chembe, ni mgawanyo wa ndani tu. Baada ya hapo kosa limeshuka bila fujo kwa kiwango kidogo cha kujifunza, konvolusheni zikiwa zimegandishwa. Usahihi umepanda kidogo. Kwa fc7 ongezeko halikustahili umeme uliotumika, kwa fc6 lilistahili.

Kwa hiyo toleo linaloondoka leo lina fc6 ya k = 1024 iliyofunzwa tena, fc7 ya k = 256 iliyokatwa kwa matokeo na kuachwa hivyo, na fc8 ya asili. Jaribio la k = 4096 linaendelea kujiendesha kabla ya kila faili kutolewa, pamoja na la pili linalopima kosa la `Wx` kwenye picha za pembeni na kukataa faili likizidi kikomo. Mwenzangu ameuliza kama konvolusheni nazo zinaweza kukatwa kwa namna hii. Zinaweza, ukiikunjua kila moja iwe matriki kwanza, na huko ndiko muda anaoulilia uliko. Hiyo nimeifungulia faili lake.